Idi njema, baharia wetu. Lakini tuambie kama umelipwa

Usiku wa mwezi kuandama simu za Mombasa hazilali. Kabla tangazo la Kadhi Mkuu halijafika mwisho, jumbe za Idi mubaraka zimeshatoka Likoni hadi Kisauni, Majengo hadi Mtwapa, na kutoka Lamu hadi Vanga. Katika nyumba nyingi za huku kwetu, mmoja kati ya jumbe hizo hutumwa kwa mtu ambaye sahani yake haitapakuliwa kesho: kijana aliye melini. Ujumbe huo hupata tiki moja, kisha husimama hapo. Mamake huuangalia kila dakika tano. Tiki ya pili haiji, na furaha ya Idi huanza kuingia doa.

Nyumba hiyo naijua kwa sababu ni yetu. Mpwa wangu ni baharia wa sitahani kwenye meli za mizigo. Mwaka mmoja tulimtumia salamu za Idi usiku, akajibu kesho yake jioni kwa maneno manne tu: "Idi mubaraka mjomba, niko sawa." Mamake alinuna kwa ufupi wa jibu. Mimi nilimtetea, nikasema mtoto amechoka na kazi. Sote wawili tulikosea. Siku ile alikuwa hajalipwa kwa miezi mitatu, na sisi hatukumuuliza. Alitueleza baada ya miezi mingine minne, wakati maji ya kunywa melini yalikuwa yakigawanywa kwa chupa. Kukaa kwetu kimya kulimgharimu pesa, kama nitakavyoeleza kwa hesabu.

Ndiyo maana leo naandika juu ya salamu hizi tunazozichukulia kuwa jambo dogo. Kwa familia nyingi Idi ndiyo siku ambayo kila mtu humtafuta baharia, na baharia mwenyewe hujitahidi kutafuta mtandao. Tukiitumia vizuri tutajua hali yake halisi. Tukiitumia vibaya tutapata "niko sawa" na picha ya jua likizama.

Tuanze na tiki moja. Sababu yake ya kwanza huwa ni saa, wala si shida. Chukua mfano wa baharia anayeshika zamu ya daraja kwenye meli inayoelekea Singapuri. Zamu hupangwa saa nne nne, mara mbili kwa siku. Wa zamu ya katikati huingia saa sita usiku akatoka saa kumi alfajiri, kisha huingia tena saa sita mchana akatoka saa kumi jioni. Baada ya hapo mara nyingi hupewa saa mbili za kazi ya ziada sitahani. Saa za meli nazo hufuata safari. Ikikaribia Singapuri, saa ya meli huwa imetangulia ya Mombasa kwa saa tano.

Sasa ziweke saa hizo juu ya Idi yetu. Mwezi ukitangazwa huku saa mbili usiku, kwake ni saa saba za usiku, na yuko darajani gizani anaangalia taa za meli nyingine. Simu hairuhusiwi mkononi mwa mtu wa zamu, na ni sawa isiruhusiwe. Tukitoka kuswali Idi saa tatu asubuhi na kuanza kumpigia, kwake ni saa nane mchana na amerudi zamuni. Atatoka saa kumi jioni, yaani saa tano asubuhi ya Mombasa, aende kazi ya ziada mpaka saa saba mchana wa huku. Hapo ndipo anaoga, anakula na kuishika simu. Na ikifika kama saa tisa alasiri kwetu, huwa ameshalala, kwa sababu saa sita usiku wake anaitwa tena.

Kwa hiyo familia ya baharia huyu ina nafasi mbili tu siku ya Idi. Ya kwanza ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi ya Mombasa, anapokuwa ameamka na bado hajaingia zamu ya mchana. Ya pili ni kati ya saa saba na saa tisa alasiri. Anayempigia nje ya hapo ama anapigia simu iliyozimwa, ama anamwamsha mtu anayetakiwa na sheria alale. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unataka baharia apate mapumziko ya angalau saa 10 katika kila saa 24. Mapumziko hayo yasigawanywe zaidi ya vipande viwili, na kimoja kiwe cha saa 6 au zaidi. Simu zetu kumi za Idi zinaweza kukivunja hicho kipande cha saa 6 bila sisi kujua.

Dawa yake ni rahisi. Kabla hajapanda meli, au mara tu apangiwapo zamu, muulize: unashika zamu ipi, na saa ya meli imetofautiana na yetu kwa saa ngapi? Iandike ukutani. Salamu ya sauti ya dakika moja itume wakati wowote, ataisikia akitoka zamu. Simu ya kuzungumza iwekee miadi. Na usimtumie video ya sahani ya biriani ya dakika tano kama hujui kifurushi chake kikoje, kwani video hula makumi ya mara ya kile kinacholiwa na ujumbe wa sauti, na katika meli nyingi baharia bado hupewa kipimo cha intaneti kwa mwezi.

Juu ya intaneti hiyo kuna jambo ambalo familia nyingi hazijapata kulisikia. Marekebisho ya Mkataba wa Kazi za Baharini yaliyokubaliwa mwaka 2022 yalianza kutumika tarehe 23 Desemba 2024. Yanamtaka mwenye meli, kadiri inavyowezekana, awape mabaharia njia ya kuwasiliana na watu wao, ikiwemo intaneti, na kama kuna malipo basi yawe ya kiasi. Maneno "kadiri inavyowezekana" yanaacha mlango wazi, na meli kongwe yenye chombo cha setilaiti cha zamani itapitia hapo. Hata hivyo nahodha hawezi tena kusema kwamba intaneti ni zawadi yake ya kutoa na kunyima apendavyo. Kama kijana wako anasema wafanyakazi wote wamekatiwa mtandao kwa miezi huku ofisi ya meli ikiwasiliana kila siku, hilo ni lalamiko halali. Na liangalie kwa makini, kwa sababu mara nyingine kukatwa kwa mtandao ni bili ya kwanza ambayo mwenye meli ameshindwa kulipa.

Zipo pia nyakati ambapo ukimya ni wa usalama. Tangu Novemba 2023, meli zilipoanza kushambuliwa na Wahouthi katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zimekuwa zikizungusha meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Safari kati ya Asia na Ulaya ikaongezeka kwa siku kumi na zaidi. Baharia aliyetuahidi kuwa nyumbani kwa Idi akajikuta bado yuko Atlantiki. Na meli zilizopita njia ya Bab el Mandeb mara nyingine zimezima kile chombo kinachoonyesha mahali zilipo, ili zisifuatwe. Ndugu anayeifuatilia meli kwenye simu huona imepotea kwenye ramani, na nyumba nzima huingia matanga.

Hapo salamu zetu zina adabu yake. Usiandike jina la meli, bandari inakokwenda na tarehe ya kufika kwenye ukurasa wako wa Facebook eti unamtakia kijana wako Idi njema. Mtumie yeye peke yake. Na mkubaliane mapema: "Nikiingia eneo lile nitakwambia kwamba kwa siku nne sitapatikana." Siku nne zilizotajwa mapema hazimtishi mtu. Pia ajue kwamba mwongozo wa Mkataba huo unamtambua baharia asiyekubali kupelekwa kwenye eneo la vita kuwa mtu wa kurudishwa kwao kwa gharama ya mwenye meli. Kinachotazamwa ni jinsi eneo hilo lilivyoelezwa katika mkataba wake wa ajira au sheria ya nchi ya bendera. Swali hilo lafaa kuulizwa kabla ya kutia saini, si meli ikiwa tayari imeingia Ghuba ya Aden.

Twende sasa kwenye Idi yenyewe kama siku ya kazi. Huku kwetu ni sikukuu ya kitaifa, ofisi zinafungwa na watoto wanapewa mkono wa Idi wakakimbilia Makadara. Melini injini haisimami. Lakini je, baharia anayefanya kazi siku ile analipwa kama siku ya sikukuu?

Mkataba unasema kiwango cha kawaida cha kazi ya baharia ni saa 8 kwa siku, pamoja na siku moja ya mapumziko kwa wiki na mapumziko katika sikukuu za umma. Anayefanya kazi siku hizo anafaa kufidiwa, kwa malipo ya ziada au kwa kuongezewa siku za likizo. Swali ni sikukuu za nani. Meli hufuata sheria ya nchi ambayo bendera yake inapepea nyuma ya meli, pamoja na orodha iliyomo katika mkataba wa ajira au makubaliano ya chama. Kijana wa Likoni akiwa kwenye meli ya bendera ya Panama, tarehe 25 Desemba ni sikukuu, na Idi si sikukuu, isipokuwa kama imeandikwa kwenye mkataba wake. Sikukuu ya Nairobi haimfuati baharini.

Ni kiasi gani kinapotea? Shirika la Kazi Duniani, ILO, huchapisha kiwango cha chini cha mshahara wa msingi wa baharia mwenye ujuzi kamili wa sitahani. Kuanzia Januari 2026 kiwango hicho ni dola 690 kwa mwezi. Ukikigawanya kwa saa 208 za kazi ya kawaida za mwezi unapata kama dola 3 na senti 32 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na robo, yaani kama dola 4 na senti 15. Saa nane za siku ya Idi zikihesabiwa kuwa za ziada ni dola 33, kitu kama shilingi elfu nne na mia mbili hivi. Si pesa ya kununulia nyumba, lakini inatosha mkono wa Idi wa watoto wote wa boma. Wanaojadiliana mikataba kwa niaba ya mabaharia wetu wanafaa kuitaja Idi kwa jina katika orodha ya sikukuu, kama wanavyoitaja Krismasi. Na kwa kuwa huku kwetu wapo wanaofungua kwa mwezi wa kitaifa na wapo wanaofungua kwa mwezi wa kimataifa, mkataba uiachie siku moja ya kuchagua, tusipeleke mzozo wetu wa mwezi mpaka katikati ya Bahari ya Hindi.

Hata hivyo, dola 33 si kitu mbele ya jambo linalonifanya niandike leo, nalo ni mishahara ambayo haiji kabisa.

Kutelekezwa kwa mabaharia kumekuwa kukiongezeka. Kwa hesabu ya Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi, ITF, mwaka 2024 meli 312 zilitelekezwa pamoja na mabaharia 3,133. Kutelekezwa hakuanzi kwa meli kuachwa ikielea bila mtu. Huanza kwa mshahara kuchelewa wiki mbili, kisha mwezi, mwenye meli akisema benki ina matatizo. Chakula kibichi kinapungua, mafuta ya jenereta yanapimwa, mtandao unakatika. Meli inatia nanga nje ya bandari fulani na haipewi mzigo. Nahodha anaambiwa asubiri.

Sheria haikusubiri mpaka mtu afe njaa ndipo iite hali hiyo kwa jina lake. Marekebisho ya Mkataba yaliyoanza kutumika tarehe 18 Januari 2017 yanasema baharia ametelekezwa kama mwenye meli ameshindwa kugharimia kurudi kwake nyumbani, au amemwacha bila mahitaji kama chakula, maji, mafuta na matibabu, au amevunja uhusiano naye kwa namna nyingine, ikiwemo kutolipa mshahara kwa angalau miezi miwili. Zikumbuke hizo: miezi miwili.

Marekebisho hayo hayo yanailazimu meli iwe na bima ya jambo hilo. Bima hulipa chakula na mahitaji, hulipa safari ya kurudi nyumbani, na hulipa mishahara inayodaiwa, lakini kwa kikomo cha miezi minne. Cheti cha bima hiyo lazima kibandikwe melini mahali ambapo mabaharia wanakiona, kikiwa na jina la bima na namna ya kuwasiliana nayo. Baharia au mwakilishi wake anaweza kuidai moja kwa moja, bila kupitia kwa tajiri wa meli aliyezima simu.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu na ile Idi, nikitumia kiwango cha chini cha sasa ili hesabu iwe rahisi. Siku aliyotuandikia "niko sawa" alikuwa anadai miezi mitatu. Kwa dola 690 hiyo ni dola 2,070. Miezi miwili ilikuwa imeshapita, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuitwa aliyetelekezwa, na deni lote lilikuwa ndani ya kikomo cha bima. Laiti tungemuuliza, na akasema, angedai dola 2,070 zote na kurudi nyumbani kabla ya mfungo tatu kwisha.

Badala yake alikaa miezi mingine minne. Deni likafika miezi saba, dola 4,830. Bima ililipa miezi minne, dola 2,760, pamoja na tiketi. Zilizobaki, dola 2,070, zilikuwa nje ya kikomo. Hizo unazidai kwa kesi dhidi ya meli yenyewe, ikamatwe na mahakama ya nchi ilipo, ipigwe mnada, na mabaharia wapange foleni pamoja na wadai wengine. Baharia huwekwa mbele katika foleni hiyo, lakini meli kuukuu yenye kutu huuzwa kwa bei ya chuma, na kesi huchukua muda. Yaani, kwa bima, ile miezi ya mwisho alifanya kazi bure. Tena alikuwa na bahati: kampuni ya bima inaweza kujitoa kabla ya muda wa cheti kwisha, mradi imeipa nchi ya bendera taarifa ya siku 30. Anayengoja huenda akaamka akakuta cheti cha ukutani hakina kazi tena.

Kwa nini hakusema? Nilimuuliza aliporudi. Alinipa sababu tatu. Kwanza, alikuwa amekopa ili kumlipa mtu aliyemtafutia kazi, na aliogopa wenye deni lake mtaani. Pili, aliambiwa melini kwamba anayelalamika jina lake huandikwa na hapati meli tena. Tatu, ilikuwa Idi, na hakutaka kumliza mamake.

Sababu mbili za kwanza zimejengwa juu ya mambo ambayo sheria inayakataza. Mkataba hauruhusu wakala kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Anachogharimia mwenyewe ni cheti cha daktari, kitabu chake cha ubaharia na pasipoti, basi. Viza ni juu ya mwenye meli. Vilevile unakataza orodha za siri za kuwazuia mabaharia wasipate kazi. Anayedai laki kadhaa Mombasa ili "akupe meli" anavunja sheria kabla hujatoka nyumbani, na deni hilo ndilo linalokufunga mdomo ukiwa baharini. Sababu ya tatu haikatazwi na sheria yoyote. Hiyo ni juu yetu sisi tunaotuma salamu.

Basi, salamu ya Idi iwe na nini? Baada ya dua na habari za nyumbani, muulize maswali ambayo jibu lake ni fupi, kwa sababu pengine amekaa chumba kimoja na wenzake, na pengine anasikilizwa. Usimuulize "Uko salama?" Kila baharia atakujibu yuko salama. Muulize: "Mshahara wa mwezi uliopita umeingia?" Kama ana kawaida ya kutuma sehemu ya mshahara nyumbani kila mwezi, hilo wewe mwenyewe unalijua, na kukatika kwake mara mbili ni kengele. Muulize: "Mnakula nini leo?" Meli iliyo sawa, hata kama mpishi ni Mfilipino na hajui pilau, siku kama hiyo huwa na nyama na matunda. Akijibu wali mtupu kwa wiki ya tatu, umepata habari. Muulize: "Mkataba wako unaisha mwezi gani, na tiketi imezungumzwa?" Baharia hafai kuwekwa melini kwa kufululiza miezi 12 au zaidi bila likizo.

Na umwombe zawadi moja ya Idi: picha ya kile cheti cha bima kilichobandikwa ukutani, pamoja na namba ya IMO ya meli, ambayo ni tarakimu saba na haibadiliki hata meli ikiuzwa na kupakwa jina jipya. Ukiwa na vitu hivyo viwili nyumbani, siku mtandao ukikatika utakuwa na pa kuanzia. Bila hivyo utakuwa mama anayelia kwenye ofisi akiwa na jina la meli alilolisikia vibaya kwenye simu.

Pa kwenda papo, hapa hapa Mombasa. Mamlaka ya masuala ya baharini, KMA, ndiyo yenye jukumu la kuwasimamia mawakala wa mabaharia. Chama cha mabaharia kipo, na ITF inafanya kazi hapa. Orodha ya ILO ya meli zilizotelekezwa iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na meli ikishaandikwa humo nchi ya bendera huulizwa hadharani. Kwa mpwa wangu, mlango uliofunguka ulikuwa wa chama. Ilitakiwa namba ya IMO, picha ya cheti, nakala ya mkataba wake na orodha ya miezi isiyolipwa. Tulikuwa na kimoja tu kati ya vinne, na kukusanya vilivyobaki kulichukua wiki tatu za mtandao wa kubahatisha.

Nisiwadanganye wasomaji kwamba kinga hii inamfikia kila mtu wetu aliye baharini. Inamfikia mpishi na mhudumu wa meli ya watalii sawa na mtu wa injini, kwa kuwa Mkataba unamhesabu kila afanyaye kazi melini kuwa baharia. Haimfikii aliye kwenye jahazi, wala aliye kwenye meli ya uvuvi. Wavuvi wana mkataba wao wa mwaka 2007, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2022, lakini ile bima ya miezi minne haimo. Vijana wengi wa Pwani huanzia kwenye meli za uvuvi wa kina kirefu, ambazo huweza kukaa miezi bila kugusa bandari. Kwao swali la mshahara ni la kuulizwa mapema zaidi, na mkataba wa ajira ni wa kusomwa neno kwa neno kabla ya kuondoka. Wabunge wetu wa Pwani wanaopenda kupiga picha na mabaharia wapya wanaoagwa wangefanya kazi ya maana wakianza na pengo hilo.

Mpwa wangu amepanda meli nyingine. Safari hii zamu yake imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa jikoni kwa dada yangu, na picha ya cheti iko kwenye simu tatu. Idi hii nimemrekodia sauti, itamfikia akitoka zamu. Nimemwambia hivi:

"Idi mubaraka, mjomba. Taqabbal Allahu minna wa minkum. Huku tuko wazima, mamako amepika na fungu lako amelipeleka kwa jirani kama ulivyomwomba. Watoto wamepata mkono wa Idi kwa jina lako. Usijibu sasa, lala kwanza. Ukiamka uniambie mambo mawili: leo mmekula nini, na mshahara wa mwezi uliopita umeingia tarehe ngapi. Kama haujaingia, sema. Mamako ana machozi ya kutosha kwa jambo la kweli, lakini hana mtoto mwingine wa kumfanyia tajiri kazi ya bure. Safari njema, na Mungu akurudishe salama."

Saa nane alasiri alijibu. Kuku, wali na tikiti maji. Mshahara, tarehe tano.